Mama yuko kwaya, watoto wako kwa baba

Mke wangu huimba sauti ya pili kwenye kwaya kuu, na kwaya kuu ya usharika wetu hukaa mbele, kulia kwa madhabahu, tangu ibada inapoanza mpaka inapokwisha. Kwa hiyo Jumapili asubuhi watoto ni wangu. Tulipohamia Dar es Salaam, upande wa Mbezi, mkubwa alikuwa na miaka 3 na mdogo miezi 9. Tulijiunga na usharika wa KKKT ulio karibu na nyumbani, ambako ibada ya pili huanza saa 4 kamili na kumalizika kwenye saa 7. Jumapili ya Chakula cha Bwana, ongeza nusu saa. Saa tatu na zaidi, mtoto mmoja mkononi, mwingine ubavuni.

Jumapili ya kwanza nilikaa katikati ya benchi, katikati ya kanisa, kama mtu asiye na watoto. Mkubwa nilikuwa nimemvalisha viatu vile vipya vinavyolia pii-pii kila hatua. Kwaya ilipoingia na majoho yake, mtoto akamwona mama yake, akapanda juu ya benchi na kupaza sauti: "Mama! Mama, njoo huku!" Watu walicheka kwa upole. Mama hakuja, mtoto akaanza kulia, na mdogo naye akaitikia. Wakati huo mchungaji alikuwa ameshaanza maungamo ya dhambi. Nikasimama, nikapita mbele ya magoti ya watu wanane, nikashika njia ya katikati kwenda mlango mkubwa wa nyuma, huku viatu vikilia pii-pii, pii-pii, kanisa zima likiwa limeinamisha vichwa kimya. Ule mwendo wa mita kama ishirini naukumbuka kuliko harusi yangu.

Viatu vile havikurudi kanisani. Hata leo nikiona mzazi anamvalisha mtoto viatu vya aina hiyo siku ya Jumapili, natamani kumwambia kitu, halafu nanyamaza, maana atajua mwenyewe baada ya saa moja.

Aliyenisaidia zaidi alikuwa mzee wa kanisa mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mlango wa pembeni. Baada ya kuniona nikitoka na kuingia Jumapili nne mfululizo, alinisubiri nje. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hivi unajua ibada inakwendaje?" Nikasema nimezaliwa Mlutheri, naijua. "Basi mbona unatoka wakati wa kukaa na unakaa wakati wa kutoka?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeimba liturujia ile tangu utotoni, lakini sijawahi kuitazama kwa macho ya mtu mwenye mtoto. Ibada ndefu si kitu kimoja kirefu. Ina vipande, na kati ya kipande na kipande kuna mahali ambapo kanisa zima linasogea lenyewe: linasimama, linakaa, linaimba, linatembea. Mtu akitoka hapo hakuna anayegeuka. Akitoka dakika mbili baadaye, kila jicho liko kwake.

Kwetu mpango ni huu. Tunaingia kwa wimbo, tunaungama, tunaimba, masomo yanasomwa, tunasimama kwa Injili na kwa kukiri imani, kisha tunakaa. Hapo huja matangazo, na matangazo ya usharika wa mjini si mchezo: ndoa zinazotangazwa, wagonjwa, wageni wanaosimama kujitambulisha, mchango wa ujenzi, vikao vya jumuiya. Kisha kwaya moja au mbili, wimbo wa kukaribisha mahubiri, na mahubiri yenyewe ya dakika thelathini au arobaini. Baadaye sadaka, ambapo watu hutoka benchi kwa benchi kwenda mbele wakiimba, kisha maombi, baraka, na wote kutoka nje kwa wimbo.

Mzee yule alinionyesha nafasi tatu. Ya kwanza ni pale watu wanapokaa baada ya kukiri imani. Benchi zinalia, watu wanakohoa, matangazo yanaanza. Huo ndio wakati wa kumpeleka mtoto chooni, hata kama hajaomba, maana akiomba ataomba katikati ya mahubiri. Ya pili ni wimbo wa kabla ya mahubiri. Ukiona mtoto amechoka, toka hapo, usisubiri mhubiri apande mimbarini ndipo ujaribu bahati yako. Ya tatu ni sadaka, ambayo ni ya kurudi zaidi kuliko ya kutoka: watu wote wako njiani, unaingia nao kama vile hukuwahi kuondoka, na mtoto anapata kutumbukiza sadaka yake mwenyewe.

Sehemu ambazo hutoki, labda mtoto awe analia, ni maungamo, kusomwa kwa Injili, sala, na yale maneno ya kuweka wakfu mkate na divai. Nasema labda awe analia kwa sababu kilio kinashinda yote. Nimeona wazazi wanaong'ang'ania kukaa kwa kuwa ni wakati wa sala, mtoto anapiga kelele, mzazi anamziba mdomo kwa kiganja. Ile si adabu kwa Mungu wala kwa jirani. Kipimo changu ni sentensi mbili za mhubiri. Mtoto akianza kulia, namweka begani, namnong'oneza. Mhubiri akimaliza sentensi mbili na kilio bado kinapanda, nimesimama. Nikitoka mapema hivyo, watu husahau papo hapo. Kilio cha dakika tano ndicho kinachomfanya mhubiri anyamaze na kusema kwenye kipaza sauti, "Tumwombee huyo mama aliye na mtoto," na mama ni mimi.

Mahali pa kukaa ni nusu ya kazi. Wengi wenye watoto hukimbilia nyuma kabisa, nami nilijaribu. Huko nyuma mtoto wa miaka mitatu haoni kitu ila migongo na kofia, kwa hiyo anatafuta cha kufanya, na cha kufanya ni kutambaa chini ya benchi. Mbele anaona vizuri, lakini kutoka ni kupita mbele ya madhabahu. Nilichochagua mwishowe ni mwisho wa benchi, upande wa ukutani, karibu na mlango wa pembeni, kwenye benchi kama la sita. Kutoka hapo mtoto anaona vinanda na ngoma, na mimi nina hatua tatu tu mpaka nje. Tena nilichagua upande wa kushoto, ambako nguzo inamficha mke wangu. Asipomwona mama yake hamwiti. Mke wangu alipoijua sababu alinuna kidogo.

Kitu kimoja sikukifikiri mpaka mdogo aliponifundisha: spika. Makanisa yetu yana spika kubwa zimening'inizwa ukutani au kusimamishwa pembeni, na benchi la pembeni mara nyingi ndilo liko chini yake. Mdogo alikuwa amelala fofofo wakati wa matangazo, kwaya ya vijana ikawasha kinanda, mtoto akaruka mikononi mwangu kama aliyemwagiwa maji. Nilidhani ana njaa au tumbo. Jumapili iliyofuata ikawa vile vile, dakika ile ile. Kusogea mabenchi mawili nyuma ya spika kulimaliza tatizo. Mtoto mchanga anayelia kila kwaya inapoimba, kwanza angalia kilicho juu ya kichwa chake.

Mkoba wangu ulipungua kadiri nilivyojifunza. Mwanzoni nilibeba kama anayesafiri. Sasa una pampasi mbili, kanga moja, chupa ya maji, chupa ya uji wa mdogo, na kitu kimoja laini cha kuchezea kisicholia kikianguka sakafuni. Kanga ni ya kufunika, kutandika, kufuta na kumfungia mtoto mgongoni ikibidi. Wanaume wengi wanaona haya kumbeba mtoto kwa kanga. Mimi nilianza kwa haya nikamaliza kwa kuisifu, maana mtoto wa mgongoni hulala na mikono yako inabaki na kitabu cha nyimbo. Biskuti za kwenye karatasi inayochakarika niliacha. Karanga niliacha kabisa, kwa sababu mtoto wa umri ule anayetafuna huku akishtuliwa na ngoma anaweza kupaliwa. Na sarafu ya sadaka haikai tena mkononi mwa mtoto tangu mwanzo wa ibada. Ilikuwa inakaa, mpaka siku nilipoikuta mdomoni. Sasa namkabidhi tunaposimama kwenda mbele.

Kosa langu kubwa lilikuwa nje ya kanisa, siyo ndani.

Mkubwa alipokuwa anasumbua nilikuwa namtoa, na kule nje, karibu na geti, kuna mama anayeuza ubuyu na barafu za kwenye mfuko. Mara ya kwanza nilimnunulia barafu ili anyamaze. Akanyamaza. Tukakaa kwenye kivuli cha mwembe, nikafungua simu, yeye akakimbiza kuku wa jirani. Tukarudi wakati wa sadaka. Nikajiona nimeupata ufunguo. Jumapili iliyofuata alianza kulia mhubiri aliposema "Bwana Yesu asifiwe". Iliyofuata, tulipoketi baada ya kukiri imani. Mwezi haujaisha, akawa analia tukivuka geti kuingia, anaonyesha kidole kwa mama wa barafu.

Bibi mmoja aliyekuwa akikaa benchi la nyuma yetu ndiye aliyeniambia: "Baba, umempa huyu ajira. Kulia ndiyo kazi, barafu ndiyo mshahara." Akanieleza alivyofanya kwa wajukuu wake. Ukimtoa, unamtoa hasa, lakini kule nje hakuna kushuka chini, hakuna kula, hakuna simu. Unasimama naye mahali ambapo sauti ya ibada inasikika, umembeba, unamtuliza kwa maneno machache. Akinyamaza, mnarudi, hata kama mmekaa nje dakika tatu tu. Akilia tena, mnatoka tena. Nje pawe pa kupumua, pasiwe pazuri kuliko ndani.

Ilichukua Jumapili tano. Ya kwanza tulitoka mara saba, nami nikasema bibi huyu ananitania. Ya pili mara sita. Ya tatu alilala, kwa hiyo siihesabu. Ya nne mara mbili. Ya tano alitaka kutoka wakati wa mahubiri, nikambeba mpaka barazani, akatazama geti, akatazama uso wangu, akaweka kichwa begani. Tukarudi ndani. Barafu siku hizi tunanunua baada ya ibada, na mama wa barafu hakupata hasara.

Kabla ya kuketi siku hizi huwa namwambia anayekaa jirani: "Mama, samahani, huenda nikatoka mara mbili tatu na watoto." Basi. Akishajua, anabana magoti mapema, mara nyingine ananishikia mdogo bila kuombwa. Biblia na kitabu cha nyimbo naviacha benchini tunapotoka, ili wahudumu wajue nafasi ina mwenyewe. Simu na pochi nakwenda navyo. Nikirudi nasimama mlangoni pembeni mwa mzee wa mlango mpaka wimbo uanze au watu waketi, yeye hunipa ishara kwa kichwa. Sisambazi pole kwa kila niliyempita. Kuomba radhi kwa watu kumi kwa sauti ya kunong'ona ni kelele kuliko mtoto.

Sasa niseme habari ya chumba. Nyuma ya kanisa letu, chini ya ngazi za kupanda ghorofani, kuna chumba chenye dirisha la kioo, kimeandikwa "Mama na Mtoto". Nilipokigundua nilifurahi sana. Nikaingia na watoto wangu wawili, nikakuta akina mama wanne wananyonyesha. Wakajifunika haraka. Mmoja akasema kwa heshima zote, "Kaka, hapa ni pa akina mama." Nikatoka nyuma nyuma. Sikumlaumu, mtu ananyonyesha, mwanaume mgeni anaingia bila hodi. Lakini nilibaki na swali: baba mwenye mtoto mchanga aende wapi? Mvua ikinyesha, kivuli cha mwembe hakisaidii.

Nilimweleza yule mzee wa kanisa, akalipeleka kwenye baraza la wazee. Halikujibiwa haraka. Mara bajeti, mara nafasi, mara mtu akauliza kwa nini mama wa watoto asitoke kwenye kwaya. Hilo la mwisho liliniudhi, na mke wangu lilimuudhi zaidi, maana waimbaji wanaume wenye watoto wachanga walikuwapo na hakuna aliyewauliza. Baada ya miezi kadhaa suluhisho likawa pazia. Kona moja ya chumba ilizungushiwa pazia zito na viti viwili ndani yake kwa wanaonyonyesha, na sehemu iliyobaki ikawa ya mzazi yeyote. Mlangoni likaandikwa neno "Hodi" kwa herufi kubwa. Pazia liligharimu kidogo kuliko chai ya vikao vilivyolijadili.

Nilipoanza kukitumia niliona kwa nini wengine hawakipendi. Spika ya ndani ilikuwa imezimwa, kwa hiyo ungeona mdomo wa mhubiri kupitia kioo bila kusikia neno. Na pasiposikika ibada, ibada inakufa: akina mama walikuwa wanasukana na kuonyeshana vitambaa vya vitenge, watoto wanagombania gari linalopiga honi. Fundi wa mitambo aliiwasha spika siku tulipomwomba, kazi ya dakika moja. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Tangu hapo Injili ikisomwa, waliomo chumbani husimama nao. Hata hivyo mimi hukitumia mwisho, mvua ikinyesha au mdogo akiwa na mafua, kwa sababu mtoto anayekaa nyuma ya kioo kila Jumapili hajifunzi kukaa kanisani. Ni kama kumfundisha mtu kuogelea akiwa pwani amekaa mchangani.

Shule ya Jumapili kwetu inapokea watoto kuanzia miaka 3. Wanakutana chini ya turubai nyuma ya ofisi, wadogo upande mmoja na wakubwa upande mwingine, na walimu ni wa kujitolea, wengi vijana wa kike. Jumapili ya kwanza nilimkabidhi mkubwa kwa binti aliyekuwa na watoto si chini ya arobaini mbele yake, nikasema, "Mwalimu, huyu hapa," nikaenda zangu nikijiona huru. Wakati wa mahubiri nikasikia watu wanaguna. Nikainua macho. Mwanangu alikuwa amesimama kwenye ngazi za madhabahu, mikono nyuma kama mkaguzi, anawatazama waimbaji mmoja mmoja akimtafuta mama yake. Alikuwa ametoka turubaini, amezunguka jengo zima, amepita karibu na magari yaliyokuwa yanaegeshwa, ameingia kwa mlango wa wachungaji. Hakuna aliyejua hayupo. Mhubiri alisema kitu cha kuchekesha na watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nawaza yale magari.

Nilikuwa na hasira na walimu siku ile. Baadaye niliona kwamba nusu ya kosa ilikuwa yangu. Hawakujua jina lake, jina langu, wala nimekaa wapi, na hawakujua kwamba mtoto huyu hajawahi kuachwa na mtu asiyemfahamu. Nilirudi Jumapili iliyofuata nikafanya kilichotakiwa mwanzo: nilikaa naye chini ya turubai, juu ya kiti cha plastiki, ibada yote. Ya pili nilikaa nusu nikaaga. Sikutoroka, nilimwambia baba anakwenda kule mlango wa bluu, atarudi mkiimba wimbo wa mwisho. Ya tatu alinifukuza mwenyewe. Nilimweleza mwalimu pia kwamba akiona anapishanisha miguu ni haja ndogo, asisubiri aseme. Walimu nao, baada ya mtoto wa pili kupotea kwa namna hiyo hiyo, walianzisha daftari: jina la mtoto, namba ya simu ya mzazi, na nani atakuja kumchukua. Mtoto haondoki mpaka aliyeandikwa afike.

Kasoro moja haijaondoka mpaka leo. Watoto humaliza kabla yetu. Wao wanafunga saa 5 na nusu, sisi tunaendelea mpaka saa 7. Muda huo wa katikati watoto wanazagaa uani, na ndipo magoti yanapochubuka. Mimi humfuata mkubwa wimbo wa kufunga unaposikika kutoka turubaini, nikaingia naye. Jumapili nyingi hiyo huangukia kwenye mahubiri, basi tunangoja barazani, ananisimulia Danieli na simba huku mimi nikisikiliza kwa sikio moja.

Chakula cha Bwana ni shughuli yake. Kwetu watu huenda mbele kwa makundi, wanapiga magoti kuzunguka madhabahu, wanapokea, wanabarikiwa, wanaondoka, kundi lingine linakuja. Mtoto hapokei mpaka apate kipaimara. Mwezi wa kwanza nilimwacha mkubwa benchini, akalia. Wa pili nilikwenda naye, akamwona mchungaji akigawa, akafungua mdomo na kuutoa ulimi kama alivyoona watu wazima wanafanya. Alipopitwa, alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ghorofani: "Na mimi je?" Sasa namwandaa kabla hatujasimama. Namwambia baba atakula mkate, wewe mchungaji atakuwekea mkono kichwani. Mchungaji wetu huwawekea watoto mkono, na mwanangu ameukubali ule mkono kuwa ndio fungu lake. Siku mchungaji mgeni alipompita bila kumgusa, alibaki amepiga magoti, hataki kuondoka, mpaka mwinjilisti akarudi akamgusa.

Siku pekee ambayo sihesabu dakika ni Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, mwishoni mwa Septemba. Siku hiyo watoto wanashika ibada: wanasoma masomo, wanaimba, wanaigiza, wanakusanya sadaka. Mwaka jana mkubwa alikuwa na mstari mmoja wa kukariri na akausema kinyume. Kelele zote za siku ile ni halali. Wale wazee wanaokunja uso Jumapili nyingine, siku ile huja na peremende mfukoni.

Kijijini, Machame, mambo ni mengine. Tunakwenda kwa mama yangu kila Krismasi, na kule hakuna chumba, pazia wala kioo. Mdogo akilia anachukuliwa na mkono usioujua, anapita mapaja matatu, unamkuta mwisho wa benchi amelala kwa shangazi ambaye hata wewe humfahamu. Mara ya kwanza nilihangaika kumfuata kwa macho, mama akanifinya goti: "Tulia, yuko kanisani." Kinachoangaliwa zaidi kule ni kuondoka. Unaweza kutoka na mtoto mara kumi katikati ya ibada na hakuna atakayehesabu, lakini ukiondoka kabla ya baraka, kwa mama yangu maneno yatafika kabla yako. Baraka zikishatolewa, umefunguliwa. Watu wanatoka nje kwa wimbo, wanasimama uwanjani, sala fupi, halafu mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka: mikungu ya ndizi za mshare, mayai, maziwa, maparachichi, kuku. Hapo mwenye watoto wachovu anaweza kuaga, na kuaga kwenyewe ni kwa mikono, siyo kwa kutokomea: unawaamkia wazee walio karibu, unasema watoto wana njaa, wanakuambia nendeni salama.

Krismasi iliyopita mke wangu alisema twende. Mimi nikasema tuangalie mnada kidogo. Nilikuwa nimembeba mkubwa begani ili aone, na jogoo mmoja mwekundu alikuwa ameinuliwa juu, amefungwa miguu, bei imefika elfu ishirini na tano. Mwanangu, ambaye nimemfundisha mwaka mzima kwamba kanisani mtu akitaka jambo hapigi kelele, ananyoosha mkono, akanyoosha mkono.

"Elfu thelathini, mjukuu wa bibi!" akasema mnadishaji, na uwanja mzima ukapiga makofi. Hakuna aliyepandisha tena. Tulishuka kilima na jogoo, na mdogo alilia njia nzima kwa kumwogopa.